Nani Alimwambia Speke? Namna ya kuvipima vitabu vya wasafiri wa kigeni kuhusu Uganda

Ukitoka Kampala kwa barabara ya Jinja, kabla hujafika Kireka unapita Banda. Siku hizi ni maduka, hosteli za wanafunzi na bodaboda. Tarehe 19 Februari 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika huko, kwenye mji wa Kabaka Mutesa, akakaa hadi Julai 7. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kinene, na tangu hapo mtu yeyote anayetaka kuandika juu ya Buganda ya wakati ule hana budi kupita mkononi mwake. Hakuna shahidi mwingine aliyeandika mengi kiasi hicho siku kwa siku, akiwa ndani ya ua wa Kabaka kabla ya wamisionari kufika.

Nafundisha historia, na kila mwaka nakutana na wanafunzi wanaonakili maneno ya Speke kama vile wamesimama wenyewe pale Banda. Wapo pia wanaomtupa wote kwa kuwa alikuwa Mzungu mwenye dharau. Dharau alikuwa nayo, lakini tukimtupa tunatupa pamoja naye majina, vyeo, barabara, chakula na mazungumzo ambayo hatutayapata penginepo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kumsoma yeye na wenzake wawili waliomfuata, Samuel Baker na Henry Morton Stanley, ili ujue ni sentensi ipi unaweza kuitegemea na kwa kiasi gani.

Unahitaji daftari, kalamu na kurasa mbili tatu tu za kitabu. Usianze na sura nzima. Ukichukua sura nzima utaishia kutoa maoni juu ya mwandishi, na kazi yetu ni kupima sentensi.

Hatua ya kwanza: gawa kisa kwa macho, sikio na kichwa

Chukua kisa kimoja. Kiandike upya sentensi kwa sentensi, kila moja kwenye mstari wake. Pembeni ya kila mstari weka alama mojawapo kati ya tatu: macho, kama mwandishi aliliona jambo lile mwenyewe, sikio, kama aliambiwa, kichwa, kama alilifikia kwa kuwaza.

Tuanze na kisa cha bunduki, maana ndicho kinachonakiliwa kuliko vyote. Speke alikuwa amempa Mutesa bunduki kadhaa kama zawadi. Anasimulia kwamba Kabaka alishindilia mojawapo kwa mkono wake, akaiweka tayari, akampa kijana mhudumu wa ikulu, mmoja wa wale wanaoitwa abagalagala kwa Kiganda, akamwambia atoke akampige mtu risasi katika ua wa nje. Kijana akatoka, akarudi akichekelea, kama mtoto aliyepata kiota cha ndege. Kabaka akamuuliza kama amefanya vizuri, naye akajibu ndiyo, vizuri sana. Speke anaongeza kwamba bila shaka kijana alisema kweli, kwani asingethubutu kumfanyia mzaha mfalme. Kisha anasema hakupata kujua kamwe ni nani aliyeuawa, wala hakuona mtu mwenye hamu ya kujua.

Sasa gawa. Kabaka kushindilia bunduki na kumpa kijana: macho. Amri ya kwenda kumpiga mtu: sikio, tena sikio la mtu asiyejua Kiganda. Kijana kutoka na kurudi na furaha: macho. Jibu lake kwamba amefanya vizuri: sikio. Kwamba alisema kweli kwa sababu asingethubutu kudanganya: kichwa. Na kwamba kuna mtu alikufa? Tafuta mstari ambao Speke anatoka nje, anaona maiti, anasikia kilio cha jamaa. Haupo. Kifo, ambacho ndicho kiini cha kisa chote, kimesimama juu ya neno la mtoto na fikra ya mgeni.

Hapo usiruke upande wa pili ukasema hakikutokea. Huna ushahidi huo pia. Unachoweza kusema ni kwamba Speke alielewa amri ile imetolewa na akaamini imetekelezwa.

Kisha endelea kusoma kitabu kilekile, kwa sababu mara nyingi mwandishi anakupa kipimo cha kumlinganishia. Miezi miwili hivi baadaye Speke yuko kwenye matembezi ya ziwani pamoja na Mutesa na wake zake. Mmoja wa wake anachuma tunda na kumpa Kabaka. Kabaka anaghadhibika, anasema hajapata kuona mwanamke anayethubutu kumpa kitu, anaamuru akamatwe akauawe, kisha anaanza kumpiga mwenyewe kwa fimbo nzito. Speke anasema alimkimbilia, akamshika mkono, akaomba uhai wa yule mwanamke, na akaachwa. Gawa kisa hicho nawe utaona karibu chote ni macho. Ukitaka kuandika juu ya ukali wa Mutesa akiwa kijana, ziwani unakanyaga ardhi ngumu kuliko penye bunduki. Ajabu ni kwamba waandishi wa baadaye wanalipenda zaidi lile la bunduki, nadhani kwa sababu ya ule mfano wa mtoto na kiota.

Hatua ya pili: fuata neno kutoka kinywa hadi kinywa

Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi ambayo msomaji wa London hana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Speke hakuzungumza na Mutesa moja kwa moja. Yeye mwenyewe anaeleza njia iliyopita kila kauli. Alimwambia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto, kwa Kihindustani. Bombay akamwambia mkalimani Nasib kwa Kiswahili. Nasib akampa mmoja wa maofisa wa Kiganda waliomleta Speke, Maula au Nyamgundu, na ofisa ndiye aliyemwambia Kabaka, maana haikuwa adabu ujumbe kumfikia mfalme isipokuwa kupitia kwa mtu wake. Jibu likarudi njia ileile. Speke analalamika kwamba kabla jibu lake halijafika, Kabaka alikuwa ameshahamia habari nyingine.

Kwa hiyo unaposoma mazungumzo marefu, matamu, yenye maswali na majibu ya haraka, kumbuka kwamba yamepita vinywa vitatu. Chora mnyororo huo juu ya ukurasa wa daftari lako kabla hujaanza kugawa, na kila mara mwandishi anapomnukuu mwenyeji, jiulize ni pete ipi ya mnyororo ingeweza kupindisha maana. Ofisa wa Kabaka hangeweza kufikisha neno la utovu wa adabu likiwa uchi. Bombay naye alikuwa na mshahara wake wa kuulinda.

Kiswahili kimeacha alama kila mahali katika kitabu hicho. Jina lenyewe Uganda ni sura ya Kiswahili ya Buganda, na Speke anaeleza kanuni yake vizuri kabisa: U kwa nchi, Wa kwa watu, M kwa mtu mmoja, Ki kwa lugha. Hiyo si sarufi aliyoipata Banda, ni sarufi ya wapagazi wa Zanzibar. Yeye mwenyewe anaitwa “Bana”, na wewe unasikia bwana. Pombe ya ndizi, ambayo Waganda wanaiita omwenge, anaiandika “pombe” tu. Ukikutana na maneno kama hayo, andika pembeni: hapa amesikia kwa kinywa cha mtu wa pwani. Msamiati wa Kiswahili unakuonyesha mahali ambapo maelezo yamepita kwa mkalimani, na mahali ambapo neno la Kiganda limebaki kama lilivyo, huenda alilisikia mwenyewe.

Angalia pia majina ya watu. Mara nyingi Speke anawataja Pokino, Kongow, Sakibobo na Kamraviona kana kwamba ni majina waliyopewa na wazazi wao. Mtu wa Buganda akisoma anaona vyeo: Pokino ni mkuu wa Buddu, Kangaawo wa Bulemeezi, Sekiboobo wa Kyaggwe, na Kamalabyonna ni sifa ya Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka. Mama wa mfalme naye anaitwa N'yamasore, yaani Namasole, ambacho ni cheo vilevile. Ukivikosea hivi utakuja kudhani kwamba Pokino wa 1862 na Pokino wa 1875 ni mtu mmoja aliyeishi muda mrefu.

Lakini mfano ulionifundisha zaidi niliupata nje ya maktaba. Katika maandishi ya Machi 1862 Speke anasema karibu kila siku aliona mwanamke mmoja, wawili au watatu wa ikulu wakiburutwa, mkono umefungwa kamba, wakipelekwa kuuawa, na njia nzima wanalia “Hai Minange! Kbakka! Hai N'yawo!” Anatafsiri: ewe bwana wangu, mfalme wangu, mama yangu.

Nilimsomea maneno hayo bibi mmoja jirani yangu, mzee wa Kiganda, bila kumpa tafsiri. Nilisoma kama yalivyoandikwa. Aliniomba nirudie, kisha akasema, “Mwanangu, huyo hasemi bwana wangu. Anasema munnange.”

“Maana yake nini hapo, Jjajja?”

“Mwenzangu. Rafiki yangu. Ukiungua jikoni unalia hivyo, majirani wasikie waje.”

Alikuwa sahihi kuhusu lugha, na kisa kikabadilika mbele yangu. Katika tafsiri ya Speke mwanamke anamlilia mfalme peke yake, mtumwa mbele ya bwana. Kwa masikio ya Jjajja mwanamke anawaita watu wa njiani, wenzake, na jina la Kabaka linakuja baadaye. Mstari wa sauti alioandika Speke ni wa thamani kubwa, na hata tahajia yake mbovu imehifadhi mlio. Tafsiri yake ndiyo dhaifu. Basi kanuni ya hatua hii ni kutenga sauti na maana: liweke neno la asili kwenye safu moja, maelezo ya msafiri kwenye safu ya pili, halafu msomee msemaji wa lugha hiyo safu ya kwanza tu. Ukimpa tafsiri kwanza umeshampotosha.

Na kabla hujaondoka kwenye kisa hicho, rudi hatua ya kwanza. Aliona wanawake wakiburutwa na akasikia vilio. Hayo ni macho na sikio lake mwenyewe. Kwamba kila mmoja aliuawa, hakufuata hadi mwisho wa njia.

Hatua ya tatu: uliza mwenyeji alitaka mgeni aamini nini

Wasafiri wanapenda kuandika kana kwamba wao ndio waliokuwa wakiwachunguza wenyeji. Ukweli ni kwamba kila mtawala aliyewapokea alikuwa naye anawachunguza, na alichagua cha kuonyesha. Hakuna kisa kinachoonyesha hilo kuliko cha Baker huko Bunyoro.

Baker alifika Mruli Februari 1864 pamoja na mkewe Florence, wote wawili wamechoka, yeye akiwa na homa kali. Alitaka kwenda kwenye ziwa ambalo baadaye angeliita Albert. Akapelekwa mbele ya mtu aliyetambulishwa kuwa Kamurasi, Omukama wa Bunyoro. Kwa siku kadhaa mtu huyo alimdai zawadi moja baada ya nyingine, na siku ya kuagana akamwambia amwachie mkewe. Baker alitoa bastola na kumwelekezea kifuani. Florence akamkemea yule mtu kwa Kiarabu, na mkalimani wao, mwanamke aliyeitwa Bacheeta, akamfasiria yote. Mtu yule akajibu kwa utulivu kwamba hakukusudia ubaya, kwao ni desturi kuwapa wageni wake, akadhani kubadilishana si kosa.

Kisa hicho kimerudiwa mara nyingi kama picha ya tabia ya Kamurasi. Lakini miezi kadhaa baadaye, akiwa Kisuna, Baker aligundua kwamba mtu aliyekuwa akizungumza naye Mruli hakuwa Kamurasi. Alikuwa Mgambi, ndugu yake. Mfalme alikuwa amemtanguliza ndugu yake mbele ya mgeni hatari, yeye akabaki nyuma.

Kwa Baker hiyo ilikuwa dalili ya woga, na anasema hivyo kwa ukali. Soma hata hivyo alichokieleza yeye mwenyewe kurasa chache kabla. Baada ya Speke na mwenzake wa safari Grant kupita Bunyoro, kundi la wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka kaskazini, watu wa Debono, lilifika likijidai kuwa marafiki wa Speke. Walipokewa vizuri, kisha wakaungana na Rionga, adui wa Kamurasi, wakaua watu wake. Sasa anakuja mwanamume mwingine mwenye ndevu, kutoka upande uleule, mwenye bunduki, naye anasema ni rafiki wa Speke. Wewe ungemketisha mfalme wako mbele yake?

Kazi ya daftari hapa ni ya kuchosha lakini huwezi kuiruka. Pitia sehemu yote ya kitabu kutoka Mruli hadi ufunuo wa Kisuna, na kila palipoandikwa Kamurasi, weka juu yake: Mgambi. Utaona mara moja kilichobomoka na kilichobaki. Maelezo ya sura, sauti, tamaa na tabia ya mfalme yamebomoka, hayamhusu. Kilichobaki ni utaratibu wa ikulu: nani alitumwa, mgeni aliwekwa wapi, alicheleweshwa siku ngapi, walitaka nini kwake. Na umepata kitu ambacho Baker hakukusudia kukupa, yaani ushahidi kwamba Bunyoro ilikuwa na mbinu ya kumlinda Omukama na kwamba raia wote waliokuwepo waliishika siri hiyo kwa miezi.

Kuna jambo jingine la kuangalia: kabla ya kufika Bunyoro, Speke naye alikuwa ameshasikia mengi juu ya Kamurasi, lakini kwa watu wa Buganda, waliokuwa maadui wake. Ukiona msafiri anaeleza tabia ya mtawala ambaye hajamfikia, andika jina la aliyemwambia. Mara nyingi ni jirani mwenye ugomvi.

Hatua ya nne: tarakimu ipeleke jikoni

Stanley alifika kwa Mutesa Aprili 1875. Baadaye mwaka huo alifuatana na jeshi la Buganda lililokwenda kupigana na watu wa Buvuma, akakadiria kwamba wapiganaji walikuwa 150,000. Akiongeza wanawake, watoto na watumwa, kambi nzima aliihesabu kuwa watu 250,000. Tarakimu hizo zimeingia vitabuni na hazijatoka.

Hutahitaji nyaraka nyingine kuzijaribu. Uliza wanakula nini. Mtu mzima anayetegemea matoke anahitaji zaidi ya kilo moja kwa siku. Chukua kilo moja na nusu. Watu 250,000 wanakula kilo 375,000, yaani tani 375, kila siku. Leo hiyo ni karibu malori 38 ya tani kumi yakiingia kambini kila asubuhi. Mwaka 1875 hakukuwa na gurudumu, kwa hiyo kama mpagazi mmoja anabeba kilo 30, unahitaji wapagazi 12,500 kufika kila siku, nao wanakula njiani. Mashamba ya karibu yangekwisha haraka, na vita hivyo vilichukua majuma, si siku tatu.

Hesabu hiyo haikupi idadi ya kweli. Usiitumie kubuni tarakimu yako na kusema kwa uhakika walikuwa 40,000. Inakuambia tu kwamba 250,000 kambini mahali pamoja ni vigumu kuiamini. Linganisha na mitumbwi: Stanley anataja 230 ya vita, na uwezo wa kubeba watu 16,000 hadi 20,000. Mitumbwi ni vitu vilivyolala ufukoni, vinavyohesabika kwa kidole, na tarakimu yake haipigani na jiko. Mimi hutumia mitumbwi na kuacha jeshi.

Kisha uliza nani alifaidika na ukubwa. Mutesa alitaka mgeni aone taifa lenye nguvu, hasa mwaka ule, kwa kuwa Wamisri chini ya Gordon walikuwa wanasogea kutoka kaskazini, na mjumbe wao Linant de Bellefonds alikuwa hapo Buganda mwezi uleule wa Aprili. Stanley naye alikuwa amelipiwa safari na magazeti mawili, na alikuwa ameandika barua, iliyochapishwa London Novemba 1875, akiwaita wamisionari waje kwa mfalme mkubwa aliye tayari kupokea Ukristo. Mwenyeji na mgeni walisukuma upande mmoja. Hapo ndipo uwe mkali zaidi, kwa sababu kosa linalowafaa wote wawili halina wa kulisahihisha. Baker kukiri kwamba alidanganywa, kinyume chake, hakukumfaa yeye wala Kamurasi, ndiyo maana naliamini bila shida.

Ile habari ya Mutesa kuwa tayari kwa Ukristo ipime kwa mizani hiyohiyo. Stanley aliona kweli mfalme akiuliza maswali ya dini, na kijana wake Dallington Maftaa alisaidia kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili, lugha ambayo Mutesa aliijua. Lakini mfalme huyohuyo alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, na wamisionari walipofika mwishoni mwa Juni 1877, bunduki na baruti zilikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoulizwa. Stanley hakuongopa alipoeleza maswali ya Mutesa. Aliyahesabu yote kuwa ya dini, na kumbe yalihusu dini na silaha pia.

Hatua ya tano: sikiliza kama ni mwangwi

Hii ni fupi lakini imenikamata mara kadhaa. Kabla ya kufika Buganda, Speke alikaa kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, ng'ambo ya mpaka wa leo. Alikuwa na dhana yake kwamba watawala Wahuma walitoka Uhabeshi, dhana aliyoijenga kwa kutazama nyuso. Hakuificha. Anaeleza mwenyewe kwamba alimwambia Rumanika habari hiyo, wakajadiliana dini na historia kwa muda mrefu, na Rumanika alifurahi. Dhana ile ilikuwa ya kichwa, lakini kuanzia siku hiyo ilikuwa pia ya sikio la mwenyeji. Msafiri atakayepita baadaye na kusikia ikulu ikisema “babu zetu walitoka kaskazini” hana njia rahisi ya kujua kama anasikia mapokeo ya kale au maneno ya Mzungu aliyetangulia.

Kwa hiyo panga mashahidi kwa tarehe, na kwa kila mapokeo andika ni lini yalionekana kwa mara ya kwanza kwenye maandishi na nani alikuwa amepita kabla. Orodha ya wafalme wa Buganda ni zoezi zuri. Speke mwaka 1862 aliandika wafalme wanane hadi Mutesa. Stanley miaka 13 baadaye aliandika zaidi ya 30. Huenda Speke aliuliza vibaya kupitia ule mnyororo wa lugha. Huenda aliyejibu hakuwa mtunzaji wa mapokeo. Huenda pia ikulu, ikiwa imeona kwamba wageni wanahesabu ukongwe wa nchi kwa idadi ya wafalme, ilikusanya majina kwa bidii zaidi. Mimi siwezi kukuchagulia mojawapo. Ninachokataza ni kunakili orodha ndefu na kunyamaza juu ya ile fupi.

Angalia pia kama unasoma msafiri au mhariri wake. Kitabu cha Speke kilipita mkononi mwa John Hill Burton, aliyeajiriwa na mchapishaji kukiandika upya kwa Kiingereza laini. Ukiona sentensi yenye madoido mengi, isishike sana. Majina, tarehe na umbali ndivyo vilivyo karibu zaidi na shajara ya njiani.

Hatua ya sita: andika kadi

Kila kisa ulichokipima kipe kadi moja, nusu ukurasa. Weka tarehe na mahali, mnyororo wa lugha, alichoona, alichoambiwa na nani, alichowaza, na mwisho sentensi moja ambayo uko tayari kuitumia katika maandishi yako. Sentensi hiyo ndiyo ngumu. Kadi yangu ya wale wanawake wa ikulu ilichukua jioni nzima, na sasa inasomeka hivi:

Banda, Machi 1862. Speke aliona mara nyingi wanawake wa ikulu wakiburutwa na walinzi, mkono umefungwa, akaamini wanapelekwa kuuawa. Mwisho wao hakuushuhudia. Alisikia vilio kwa Kiganda bila mkalimani kati yake na sauti. Aliyaandika maneno, akayatafsiri kuwa wito kwa bwana. Neno la kwanza ni munnange: walikuwa wanawaita waliosimama njiani.